Ukibonyeza @ Ikatoka Alama Nyingine

Mteja ameingia kwenye duka la steshenari kujaza fomu ya maombi ya kazi mtandaoni. Jina limekubali, namba ya simu imekubali, mwaka wa kuzaliwa umekubali. Anafika kwenye barua pepe, anashika Shift na kubonyeza 2 ili aweke @, na kwenye skrini inatokea alama ya kunukuu. Anafuta, anarudia, inatoka ile ile.

"Dada, kibodi yako imekufa," anamwambia mhudumu.

"Pole kaka, hamia hiyo ya pembeni. Hiyo ina siku mbili inatusumbua."

Jioni mwenye duka anaambiwa kuna kibodi mbovu. Kesho yake ananunua mpya, anaichomeka, anashika Shift na kubonyeza 2, na ile alama ya kunukuu inatokea tena. Hapo ndipo watu huanza kusema kompyuta ina virusi, na fundi huitwa kuifuta yote na kuweka Windows upya. Fedha ya kibodi imepotea, fedha ya fundi inafuata, na pengine mafaili ya wateja yanapotea pia, kwa tatizo ambalo huondoka kwa kubonyeza vitufe viwili.

Ili kulielewa, tuanze na kibodi yenyewe. Kibodi haijui herufi. Ile A au @ iliyochorwa juu ya kitufe ni rangi tu, kwa ajili ya macho yetu. Unapobonyeza kitufe, kinachosafiri kwenda kwenye kompyuta ni namba ya mahali kitufe kilipo. Katika hesabu ambayo Windows huitumia, kitufe cha 2 cha mstari wa juu ni namba 3, na kitufe cha Q ni namba 16. Windows huipokea namba hiyo, huangalia kama Shift imeshikwa, kisha hufungua jedwali linalosema namba fulani ni alama gani. Jedwali hilo ndilo huitwa mpangilio wa kibodi. Windows ina majedwali mengi: la Kimarekani, la Kiingereza cha Uingereza, la Kifaransa, la Kiarabu na mengineyo, na mtumiaji anaweza kuwa na zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Likibadilika jedwali, vitufe vyote hubaki vilevile ila maana yake inahama. Ndiyo maana kibodi mpya haikusaidia. Ilituma namba sahihi, ikasomwa kwa jedwali lile lile lisilotakiwa.

Kwa mtumiaji wa Kiswahili, mchanganyiko unaosumbua kuliko yote ni wa jedwali la Marekani na la Uingereza, na sababu yake ni kwamba yanafanana mno. Herufi zote ziko mahali pamoja. Tarakimu zote ziko mahali pamoja. Mtu anaweza kuandika barua ya kurasa tatu bila kuona tofauti yoyote. Tofauti inajificha kwenye alama chache: katika jedwali la Marekani, Shift na 2 hutoa @, na kitufe kilicho jirani ya Enter hutoa ' na, kwa Shift, hutoa ". Katika jedwali la Uingereza @ na " zimebadilishana nafasi hizo. Shift na 3, ambayo kwa Wamarekani ni #, kwa Waingereza ni £. Kitufe cha \ kilicho juu ya Enter hutoa # badala yake. Kitufe cha pembeni kabisa kushoto, kinachotoa ~ kwa Shift, sasa hutoa ¬, alama ambayo wengi hawajawahi kuiona popote.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba herufi ni nzima, tarakimu ni nzima, lakini @ na " zimebadilishana, huna haja ya kuchunguza zaidi. Kompyuta imeingia jedwali la Uingereza, au imetoka humo na vitufe vyake vimechorwa kwa Kiingereza cha Uingereza.

Jambo moja hapa huwakera zaidi wanaoandika njia za mafaili au amri za kompyuta. Kibodi kamili ya Uingereza ina vitufe 105, ya Marekani ina 104. Kile kitufe cha ziada kiko kati ya Shift ya kushoto na Z, na ndicho kinachobeba \ na |. Ukitumia kibodi ya Kimarekani huku jedwali likiwa la Uingereza, alama hizo mbili zinakosa kitufe kabisa. Utabonyeza kila kitu na hutaiona \ popote, kwa sababu mahali pake hapapo kwenye kibodi uliyoishika.

Wanaotumia Excel nao huumia kwa namna yao. Fomula kama =IF(A1="Ndiyo",1,0) huingia ikiwa =IF(A1=@Ndiyo@,1,0), na programu huikataa. Mhasibu hutazama fomula, hutafuta mabano, hutafuta mkato, na akili yake haiendi kwenye kibodi kwa sababu kila herufi aliyoandika imetokea sawasawa.

Jedwali hilo la pili liliingiaje? Mara nyingi hakuna aliyelikaribisha kwa makusudi. Wakati wa kuweka Windows, mtu huulizwa achague lugha. Huku kwetu, anayetaka tarehe zianze na siku badala ya mwezi, au anayetaka tahajia ya Kiingereza tuliyofundishwa shuleni, huchagua Kiingereza cha Uingereza. Chaguo ni zuri, lakini lugha hiyo huja na kibodi yake. Baadaye mtu mwingine huongeza Kiingereza cha Marekani, nacho kinakuja na kibodi yake. Kwa kawaida Windows ikiongezewa lugha huiongezea na jedwali la kibodi, hata kama aliyeiongeza alitaka tu kusahihisha tahajia. Kompyuta za mtumba nazo zina mchango wao: laptopu iliyotumika Uingereza hufika hapa na vitufe vya Kiingereza vyenye £ juu ya 3, kisha muuzaji huiwekea Windows ya Kimarekani. Hapo hali inageuka, kwa maana kitufe kinaonyesha " na skrini inatoa @.

Majedwali mawili yakishakuwa ndani, inabaki ajali tu. Windows ina njia za mkato za kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine, na ile ya zamani zaidi ni Alt ya kushoto pamoja na Shift. Ukivishika viwili hivyo kisha ukaviachia bila kubonyeza kingine, lugha inahama. Sasa fikiria ni mara ngapi vidole hukutana hapo. Anayerudi nyuma kati ya madirisha hushika Alt, Shift na Tab. Anayepandisha aya katika Word hushika Alt, Shift na mshale wa juu. Akighairi katikati na kuachia, tayari amehama. Njia ya pili ni Ctrl na Shift, inayohamisha jedwali ndani ya lugha moja. Ya tatu ni kitufe cha Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, ambayo imekuwapo tangu Windows 8 na hupita kwenye majedwali yote kwa zamu. Watoto wakichezea kibodi, au kitambaa kikipita juu yake wakati wa kufuta vumbi, matokeo ni hayo hayo.

Kwa kuwa kuhama hutokea kimya kimya, kinachohitajika kwanza ni kujua kuona. Tazama kona ya chini kulia ya skrini, karibu na saa. Kompyuta yenye jedwali zaidi ya moja huonyesha hapo vifupisho. Wengi husoma ENG na kuridhika kwamba ni Kiingereza, basi. Soma mstari wa chini yake: ENG yenye US chini yake ni Kiingereza cha Marekani, ENG yenye UK ni cha Uingereza. Zote mbili ni ENG, na hapo ndipo macho hudanganyika. Ikiwa bado una shaka, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Itatokea kibodi ya kwenye skrini, na hiyo huchora jedwali linalotumika wakati huo. Bofya Shift juu yake utazame kitufe cha 2 kimegeuka nini. Kikionyesha " wakati kitufe chako halisi kimeandikwa @, umepata jibu.

Kurudi ni kazi ya sekunde moja. Shika kitufe cha Windows, usikiachie, kisha gusa kitufe cha nafasi. Orodha ya majedwali itatokea, na kila ukigusa nafasi unashuka hatua moja. Ukifika kwenye US, achia. Mteja wetu wa steshenari angepata @ yake hapo hapo. Na akiwa kwenye kompyuta ya watu asiyotaka kuigusa mipangilio, kuna njia ya dharura: ashike Alt, aandike 64 kwa tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, aachie, na @ itatoka bila kujali jedwali.

Lakini kurudi si kuponya. Jedwali lisilohitajika likibaki ndani, ajali itajirudia wiki ijayo, na safari hii pengine atakuwa kwenye kiti mtu asiyejua kurudi. Dawa ni kuliondoa. Hapa watu wengi hukosea kwa kuondoa lugha nzima, ilhali lugha na kibodi ni vitu viwili tofauti. Unaweza kubaki na Kiingereza cha Uingereza, tarehe zake na tahajia yake, huku kibodi ikiwa ya Marekani.

Tuifanye kwa kompyuta ya steshenari. Ina Windows 11, vitufe vyake ni vya Kimarekani, na orodha ina English (United States) na English (United Kingdom). Mwenye duka anataka kubaki na cha Uingereza kwa ajili ya tarehe, kwa sababu kompyuta imezoea hivyo na risiti zake zinatoka kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Anafungua Settings, anaingia Time & language, kisha Language & region. Kwenye mstari wa English (United Kingdom) anabofya vidoti vitatu na kuchagua Language options. Akishuka chini anakuta sehemu ya Keyboards, na ndani yake kuna United Kingdom peke yake. Asianze kwa kuiondoa, kwa kuwa Windows haikubali lugha ibaki bila kibodi. Anabofya Add a keyboard, anachagua US. Sasa ziko mbili, na anaweza kubofya vidoti vitatu vya United Kingdom na kuchagua Remove. Kisha anarudi nyuma hadi kwenye orodha ya lugha na kuiondoa English (United States) kwa njia hiyo hiyo, maana haina kazi tena. Ikiwa neno Remove limefifia na halibofyeki, lugha hiyo ndiyo inayotumika kuandika menyu za kompyuta. Katika hali hiyo abadilishe kwanza Windows display language, au aiache lugha hiyo ibaki na ahakikishe tu kwamba kibodi yake nayo ni US. Kwenye Windows 10 majina ni karibu hayo hayo, ila ukurasa unaitwa Language na kitufe cha kuingilia kinaitwa Options.

Likibaki jedwali moja, kile kifupisho cha karibu na saa kwa kawaida hutoweka. Hiyo ndiyo dalili kwamba kazi imekamilika. Alt na Shift zinaweza kubonyezwa kutwa nzima, hakuna pa kuhamia.

Anayetaka uhakika zaidi afungue PowerShell na kuandika amri hii:

```
Get-WinUserLanguageList
```

Katika majibu yake kuna mstari wa InputMethodTips wenye namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Ya kwanza ni lugha, ya pili ni jedwali la kibodi. 00000409 ni jedwali la Marekani, 00000809 ni la Uingereza, 0000040c ni la Kifaransa na 00000401 ni la Kiarabu. Kwa hiyo 0809:00000409 ni Kiingereza cha Uingereza chenye kibodi ya Marekani, yaani kile hasa alichokitengeneza mwenye steshenari.

Si kila mtu anaweza kubaki na jedwali moja. Mwandishi wa Zanzibar au Maskati anayeandika Kiarabu asubuhi na Kiswahili mchana anahitaji yote mawili. Mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi mwenye kazi za Kifaransa anahitaji lake. Kwa hawa, la kuondoa ni njia ya mkato inayogongwa kwa bahati mbaya. Ingia Settings, Time & language, Typing, kisha Advanced keyboard settings, na ubofye Input language hot keys. Kisanduku cha zamani kitafunguka. Chagua mstari wa Between input languages, bofya Change Key Sequence, na utaona safu mbili: moja ya kuhamisha lugha, nyingine ya kuhamisha jedwali ndani ya lugha. Weka Not Assigned kwenye zote mbili, kisha OK. Kuanzia hapo Alt na Shift, pamoja na Ctrl na Shift, hazihamishi kitu.

Kisanduku hicho hakigusi kitufe cha Windows na nafasi, na ni vizuri hivyo. Njia hiyo ni ngumu kugongwa bila kukusudia, na inapotumika hukuonyesha orodha mbele ya macho, kwa hiyo unajua umehama na umehamia wapi. Kwa mwenye lugha mbili za kazi, ninaamini hiyo ndiyo njia moja inayostahili kubaki. Kwenye ukurasa huo huo wa Advanced keyboard settings kuna kisanduku kinachoruhusu kila dirisha kuwa na jedwali lake. Kikiwa na alama ya vema, utaandika sawasawa kwenye Word, ukihamia kwenye kivinjari mambo yageuke, ukirudi Word yakae sawa. Toa alama hiyo kama huna sababu ya kuiacha.

Nimeshika sana Marekani na Uingereza kwa sababu ndiyo yanayojificha. Mengine hujitangaza mara moja, na dalili zake zinafaa kujulikana. Jedwali la Kifaransa hubadilishana A na Q, Z na W, na huipeleka M upande wa kulia wa L. Anayebonyeza "mama" hupata ,q,q na anayebonyeza "asante" hupata qsqnte. Tarakimu nazo huhitaji Shift, kwa hiyo 2024 hutoka éàé'. Wenye kibodi za Ubelgiji wataona karibu hayo hayo. La Kiarabu halina haja ya kuelezwa, maana mwandiko wote hugeuka.

Lipo lingine ambalo huwapata hasa waandishi wa Kiswahili, nalo ni la kimataifa la Marekani, linaloonyesha ENG na INTL karibu na saa. Katika jedwali hilo kitufe cha ' hakitoi kitu papo hapo. Husubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu, huivalisha alama juu. Mwingereza anaweza asiligundue kwa muda mrefu, lakini sisi tuna ng'. Andika ng'ombe na utapata ngómbe. Ng'ambo inakuwa ngámbo, na ng'aa inakuwa ngáa. Nimeona waandishi wakilaumu kisahihisha tahajia cha Word na kukizima, na tatizo likabaki vilevile. Kipimo chake ni rahisi: bonyeza ' mara moja na utazame. Isipotokea hadi ubonyeze kitu kingine, uko kwenye INTL. Unaweza kuipata ' kwa kubonyeza kitufe cha nafasi baada yake, lakini kwa maneno yetu yalivyo, ni bora kuliondoa jedwali hilo na kubaki na US ya kawaida. Kiswahili huandikwa bila herufi yenye alama juu, kwa hiyo hutapoteza lolote.

Mahali penye hatari zaidi ni kwenye nywila, kwa sababu hapo huoni unachoandika. Mtu mwenye nywila Mvua@2024 anapoiandika kwa jedwali la Uingereza anatuma Mvua"2024, na anaambiwa amekosea. Akirudia mara kadhaa, mifumo mingi ya benki na ofisi hufunga akaunti. Bofya alama ya jicho pembeni ya kisanduku cha nywila uione kabla ya kuituma. Hatari kubwa zaidi ni kuitunga nywila mpya ukiwa kwenye jedwali lisilo lako. Siku utakayorekebisha kibodi, nywila uliyoizoea kwa vidole itakataliwa, na hutajua kwa nini. Ikikutokea, jaribu kuandika " mahali pa @ kabla ya kuamini kwamba umeisahau.

Ukurasa wa kuingilia wa Windows una orodha yake ya majedwali, isiyolingana lazima na ya akaunti yako. Ndiyo maana mtu aliyesafisha kila kitu ndani anaweza bado kukataliwa nywila asubuhi. Pale pale kwenye ukurasa huo, chini kulia, kuna kifupisho cha lugha, na kitufe cha Windows pamoja na nafasi hufanya kazi. Ili kuumaliza kabisa, bonyeza Windows na R, andika intl.cpl, ingia Administrative, bofya Copy settings, weka alama kwenye Welcome screen and system accounts, kisha OK. Kompyuta itaomba ruhusa ya msimamizi na kuwashwa upya.

Wakati mwingine jedwali uliloliondoa hurudi, au linaonekana karibu na saa lakini halimo kwenye orodha. Dawa yake ni ya ajabu kidogo ila hufanya kazi mara nyingi: liongeze kwa mkono kwenye Language options, kisha liondoe tena, ili Windows iandike upya kumbukumbu yake. Na kama hutokea tu unapoingia kwenye kompyuta ya ofisi kwa mbali kwa Remote Desktop, chanzo ni kompyuta uliyokalia nyumbani. Inapeleka jedwali lake kule, kwa hiyo isafishe hiyo kwanza.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, hakikisha hili ndilo tatizo lenyewe. Kwenye baadhi ya laptopu ndogo, Num Lock ikiwaka, upande wa kulia wa herufi hugeuka tarakimu: J inatoa 1, K inatoa 2, L inatoa 3, huku upande wa kushoto ukibaki mzima. Hiyo huzimwa kwa Num Lock yenyewe, mara nyingi pamoja na Fn. Na ikiwa kitufe kimoja tu hakitoi kitu, au kinatoa herufi mbilimbili, au kilianza kusumbua baada ya chai kumwagika, kibodi kweli inahitaji fundi. Jedwali likibadilika, vitufe hutoa alama isiyo yake kila mara, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka.

Wenye kompyuta za Mac hukutana na ajali hii kupitia Control na nafasi, na orodha yao iko System Settings, Keyboard, Input Sources. Wenye Linux ya GNOME huhama kwa Super na nafasi, ambayo ni kitufe kile kile chenye nembo ya Windows. Kanuni haibadiliki.

Kwa wenye steshenari, vyumba vya kompyuta vya shule na ofisi zinazotumia mashine kwa zamu, naomba jambo moja. Kabla ya kununua kibodi nyingine au kuruhusu kompyuta ifutwe, mwelekeze mhudumu asome herufi zilizo chini ya ENG karibu na saa. Zikiwa hazifanani na vitufe alivyovishika, aondoe jedwali hilo siku hiyo hiyo, kwenye kila kompyuta ya chumba.